Kutafsiri sera ya faragha ya programu ya mikopo ili mkopaji ajue anachokubali

Mwongozo huu unahusu sera ya faragha ya aina moja tu, yaani ile ya programu za simu zinazokopesha fedha. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ambayo watu wa Dar es Salaam huikubali wakiwa na haraka kubwa kuliko zote. Mtu anayehitaji shilingi elfu hamsini kabla ya jioni, ili alipie mzigo wa nyanya Ilala au ada ya mtoto, hana subira ya kusoma kurasa kumi na mbili. Anabonyeza na kuendelea. Baada ya wiki mbili mjomba wake aliyeko Tabora anapigiwa simu na mtu asiyemfahamu na kuelezwa habari za deni, naye mkopaji anashangaa namba ya mjomba imepatikanaje. Jibu limo ndani ya sera aliyoikubali, mara nyingi katika sentensi moja ndefu, na mfasiri ndiye anayeamua kama sentensi hiyo itaonekana au itabaki imefunikwa.

Nimefanya kazi hii ya tafsiri kwa miaka kadhaa, na mfano nitakaoutumia hadi mwisho unatoka kwa mkopeshaji mmoja mdogo aliyeniletea sera ya Kiingereza na kuniomba niiweke katika Kiswahili ambacho wateja wake wangekielewa.

Anza na simu, kisha uende kwenye maandishi

Kabla ya kutafsiri sentensi hata moja, pakua programu yenyewe kwenye simu ya bei ya kawaida ya Android na uipitie kama mkopaji mpya, tangu kujisajili hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuomba fedha. Andika kila kinachoombwa, kwa mfuatano wake: jina, namba ya kitambulisho cha taifa, picha ya uso, namba za watu wa karibu, ruhusa ya kusoma ujumbe, ruhusa ya kujua ulipo. Kisha ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Programu, chagua programu hiyo na uangalie palipoandikwa Ruhusa. Hapo utaona ni ruhusa zipi ilizopewa na zipi ilizonyimwa.

Kama unaweza kumfikia fundi aliyeitengeneza, mwombe akuoneshe faili linaloorodhesha ruhusa ambazo programu imeandaliwa kuziomba. Huhitaji kujua kuandika programu ili ulisome. Mstari unaohusu majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu huonekana hivi:

```
<uses-permission android:name="android.permission.READ_CONTACTS" />
```

Mstari huo ukiwepo, programu inaweza kuomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina na namba za simu za mtumiaji. Usipokuwepo, haiwezi kuifungua orodha hiyo kwa njia ya kawaida, hata kama sera inasema vinginevyo. Tofauti hii ni muhimu sana katika programu za mikopo, kwa kuwa tangu tarehe 31 Mei 2023 duka la Google Play limezizuia programu zinazotoa mikopo kwa watu binafsi kusoma orodha ya namba na picha za mtumiaji. Kwa hiyo, sera ikisema kwamba programu inasoma namba zote nayo programu inapatikana katika duka hilo, ama sera ni ya zamani ama kuna jambo linalohitaji maelezo. Programu inayosambazwa kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka, haichujwi na sharti hilo, na kwa programu ya namna hiyo sentensi kuhusu orodha ya namba isomwe kwa makini maradufu.

Katika kazi ninayoisimulia, sera ilisema kwamba kampuni husoma orodha yote ya namba. Programu niliyoipakua haikuwa na ruhusa hiyo. Ilimtaka mkopaji aandike mwenyewe namba za watu wawili. Ningeanza na maandishi, ningetafsiri vizuri jambo ambalo halikuwa kweli.

Vunja sentensi kwa maswali saba

Sera za faragha hupenda sentensi moja inayobeba mambo mengi. Usijaribu kuitafsiri ikiwa nzima. Chukua karatasi na uijibu kwa maswali haya: nani anachukua taarifa, anachukua nini, anaipata wapi, ataitumia kwa kazi gani, atampa nani mwingine, atakaa nayo mpaka lini, na mtumiaji akikataa itakuwaje. Swali ambalo sera haina jibu lake, liache wazi na uliwekee alama. Usilijaze kwa kubuni, wala usiliruke kana kwamba halikuwepo, kwa maana hizo alama ndizo zitakazokuwa barua yako kwa mwenye programu.

Hii hapa ndiyo sentensi iliyonisumbua, kama ilivyotoka katika rasimu yangu ya kwanza, nilipokuwa bado ninafuata mpangilio wa Kiingereza:

> Kwa kutumia Huduma hii, unatoa ridhaa kwamba tunaweza kukusanya, kuchakata na kushirikisha data zako, ikijumuisha lakini si tu anwani na wadhamini wako, kwa washirika wetu na wahusika wa tatu kwa madhumuni halali ya kibiashara, ikiwemo tathmini ya mkopo na ufuatiliaji wa madeni, kwa muda utakaohitajika.

Kila neno hapo ni la Kiswahili au limezoeleka katika Kiswahili. Hata hivyo, nilipoisoma mbele ya watu, karibu kila neno muhimu lilikwenda kusiko. Nitayaeleza yale yaliyopotosha zaidi, kwa sababu ndiyo yanayojirudia katika kila sera ya aina hii.

Maneno yanayofahamika ila kwa maana nyingine

Neno la kwanza ni *data*. Katika Dar es Salaam, mtu akiambiwa awashe data, anawasha intaneti. Akisema data zimekwisha, bando limekwisha. Dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliposikia kwamba kampuni inakusanya data zake, aliuliza kama programu itamlia MB. Alikuwa sahihi kwa Kiswahili chake. Tumia *taarifa zako*, na palipo na nafasi zitaje zenyewe: jina lako, namba yako, ujumbe wako wa miamala. Neno *taarifa binafsi* lina faida ya pili, kwamba ndilo lililotumika katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na pia katika jina la Tume inayoisimamia. Mtumiaji akitaka kulalamika, atakuwa na neno lile lile mkononi.

La pili ni *anwani*. Simu za Android zilizowekwa katika Kiswahili hutumia neno hili kwa maana ya majina na namba ulizohifadhi. Mtu wa kawaida, hata hivyo, anaijua anwani kuwa ni mahali unapoishi au sanduku la posta. Akiona ombi la kuruhusu programu ifikie anwani zake, atadhani wanataka kujua kama anakaa Tandika au Mbagala, jambo ambalo halimtishi. Neno la kwenye simu huwezi kulibadilisha, kwa hiyo lazima sera ilifafanue mapema: *simu yako itakapokuuliza kuhusu anwani, inamaanisha orodha ya majina na namba ulizohifadhi kwenye simu*. Usiliepuke neno hilo kabisa, kwani mtumiaji atakutana nalo dakika chache baadaye, naye anatakiwa alitambue.

La tatu ndilo lililonitia hofu kuliko yote, nalo ni *wadhamini*. Sera ya Kiingereza ilikuwa na neno linalomaanisha watu wanaoweza kuulizwa habari zako, nami kwa wepesi nikaliita wadhamini, kama walivyofanya wengi kabla yangu. Lakini mdhamini kwa Kiswahili ni mtu anayesimama kulipa endapo mkopaji atashindwa. Anajulikana mahakamani, anajulikana benki, anajulikana katika vikundi vya kukopeshana. Ukiandika kwamba namba mbili zilizowekwa ni za wadhamini, unamwambia mkopaji kwamba amewatia watu wawili katika deni bila wao kujua, na unampa mkusanya madeni neno la kuwatishia. Tofauti ya neno moja inageuka kuwa tofauti ya nani anadaiwa. Andika *watu wawili wanaokufahamu*, kisha uongeze sentensi nzima inayosema kwamba watu hao hawadaiwi chochote. Fanya hivyo baada tu ya kumuuliza mwenye programu na kujibiwa kwa maandishi kwamba ndivyo ilivyo. Kama kweli ni wadhamini, basi neno libaki, na hapo wao wenyewe wanatakiwa kusaini kitu.

*Kushirikisha* na *washirika* ni jozi nyingine ya kuangaliwa. Kumshirikisha mtu ni kumkaribisha katika jambo, na neno lina joto la ujirani. Kampuni inayopeleka namba yako kwa mkusanya madeni haimshirikishi, inampa. Tumia *kumpa* au *kumpelekea*. Na neno washirika, mzee mmoja wa Buguruni alilielewa kuwa ni waumini wa kanisa la mkopeshaji, kwa kuwa ndivyo linavyosikika kwake kila Jumapili. *Mtu wa tatu* nalo limezoeleka katika bima ya gari, kwa hiyo baadhi ya madereva wa bodaboda walifikiri tunazungumzia ajali. Dawa ni moja kwa yote mawili: mtaje anayepewa kwa kazi anayoifanya. *Kampuni tuliyoikodi kudai madeni. Kampuni inayotunza kumbukumbu za wakopaji na kuzionesha kwa wakopeshaji wengine.* Sentensi inarefuka, lakini hakuna atakayedhani ni waumini.

Neno *tunaweza* na mambo matatu yaliyojificha ndani yake

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo sera nyingi hupooza ukali wake zikiingia katika Kiswahili. Kiingereza cha mikataba hutumia kitenzi kimoja kifupi kueleza kwamba kampuni imejipa haki ya kufanya jambo. Wafasiri tumekigeuza kuwa *tunaweza*. Lakini *tunaweza kuwapigia ndugu zako* kwa sikio la Mswahili ni maelezo ya uwezo, au ni jambo la labda, huenda likatokea na huenda lisitokee. Msikilizaji anatulia. Anadhani ni tahadhari tu.

Kila unapokutana na kitenzi hicho, simama na uulize ni lipi kati ya mambo matatu. Kama kampuni hufanya jambo hilo kwa kila mtu, andika kwa wakati uliopo: *tunasoma ujumbe wako wa miamala*. Kama hulifanya kwa sharti fulani, litaje sharti kwanza na uweke tendo baadaye: *ukichelewa kulipa kwa zaidi ya siku saba, tutawapigia*. Kiswahili kina -ki- ya masharti ambayo kila mtoto anaielewa, nayo hubana vizuri kuliko maneno kama *endapo itahitajika*. Na kama kampuni imejiwekea haki tu bila kuitumia, sema hivyo hivyo: *umetupa ruhusa ya kufanya hivi, ingawa kwa sasa hatufanyi*. Hii ya tatu usiiandike kwa kudhani. Ni mwenye programu peke yake anayejua kama hafanyi, na neno lake liwe katika barua pepe utakayoihifadhi.

Jambo linalofanana na hilo ni kauli ya kutendwa. *Taarifa zitakusanywa* inamficha mtendaji, na wafasiri tunaipenda kwa sababu inasikika rasmi. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya mtendaji mwanzoni kabisa, na ukiandika *tunazichukua* au *wanazichukua* tayari umemtaja kwa silabi moja. Itumie nafasi hiyo.

Mwandikie mwenye programu kabla ya kuandika toleo la pili

Alama ulizoweka zikishakusanyika, ziandike katika barua fupi. Mimi niliuliza mambo manne. Je, programu inasoma orodha yote ya namba, kama sera inavyosema, au namba mbili tu, kama nilivyoona kwenye simu? Watu hao wawili watapigiwa lini na wataambiwa nini? Muda unaohitajika ni miaka mingapi? Na maneno yale yanayosema kwamba orodha ya taarifa haiishii hapo, yanaficha taarifa gani nyingine?

Majibu yalichukua siku tisa. Ilibainika kwamba sehemu ya orodha ya namba ilibaki kutoka toleo la zamani la programu, na mwanasheria wa kampuni akakubali kuifuta hata katika Kiingereza. Watu wawili hupigiwa baada ya siku saba za kuchelewa, kuulizwa tu mkopaji anapatikanaje. Taarifa hutunzwa miaka mitano baada ya mkopo wa mwisho kulipwa. Kuhusu taarifa nyingine, walitaja mbili: aina ya simu na mahali ilipo wakati wa kuomba mkopo.

Si kila mteja atajibu hivyo. Wapo watakaokuambia utafsiri tu kama ilivyo. Hapo kazi yako ina mpaka. Huna mamlaka ya kupunguza wala kuongeza. Kama sera inasema *kwa muda unaohitajika* na mwenyewe amekataa kutaja muda, tafsiri yako iseme waziwazi kile ambacho sera inasema: *hatujaweka kikomo cha muda, tutakaa nazo kwa kadiri tutakavyoona zinahitajika*. Hiyo ni tafsiri sahihi, na msomaji atajua kwamba kikomo hakipo. Kinachokatazwa ni kuweka *miaka mitano* kwa sababu umeiona katika sera ya kampuni nyingine.

Kuna swali la tano ambalo sikuliuliza kwa wakati, nami nalitaja ili wewe usilisahau. Watu wawili ambao namba zao zimeandikwa hawajakubali chochote. Taarifa zao nazo ni taarifa binafsi, na sheria inawahesabu kuwa wahusika wa taarifa kama mkopaji mwenyewe. Uliza kama kampuni huwajulisha, na kwa njia gani. Kampuni hii iliongeza ujumbe mfupi wa kuwaarifu baada ya swali kufika, ingawa lilifika kwa kuchelewa.

Toleo la pili

Baada ya majibu, sentensi moja iligeuka kuwa aya nne fupi, na kila aya ikapewa kichwa chenye umbo la swali ambalo mkopaji mwenyewe angeuliza:

> Mnachukua nini kwangu? Unapoomba mkopo tunachukua jina lako, namba ya kitambulisho chako cha taifa, picha ya uso wako, aina ya simu yako na mahali ulipo wakati huo. Tunasoma pia ujumbe wako wa miamala ya fedha ili kujua unaweza kukopa kiasi gani. Hatufungui orodha ya majina na namba ulizohifadhi kwenye simu.
>
> Kwa nini mnataka namba za watu wawili? Ukichelewa kulipa kwa zaidi ya siku saba na usipopokea simu zetu, tutawapigia watu hao kuwauliza unapatikanaje. Watu hao si wadhamini wako. Hawadaiwi chochote na hatutawaambia kiasi unachodaiwa. Tafadhali waombe ruhusa kabla ya kutupa namba zao.
>
> Mnampa nani taarifa zangu? Tunazipeleka kwa kampuni inayotunza kumbukumbu za wakopaji, ambayo huzionesha kwa wakopeshaji wengine. Usipolipa kwa siku thelathini, tunaipa pia kampuni tuliyoikodi kudai madeni jina lako, namba yako na kiasi unachodaiwa.
>
> Mtakaa nazo mpaka lini? Miaka mitano baada ya kumaliza mkopo wako wa mwisho. Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti taarifa zako. Ukitaka zifutwe, tuandikie. Zile ambazo sheria inatutaka kuzitunza zitabaki, nasi tutakueleza ni zipi.

Tazama sentensi kuhusu kuiondoa programu. Katika rasimu ya mwanzo niliandika *ukifuta programu*, na pia *ukifuta akaunti*, na pia *ukiomba taarifa zifutwe*. Mambo matatu tofauti, kitenzi kimoja. Watu wengi huamini kwamba wakishafuta programu kwenye simu, mkopeshaji naye amewasahau. Tenganisha vitenzi: *kuiondoa* programu kwenye simu, *kuifunga* akaunti, *kufuta* taarifa.

Neno *kuchakata* nililiacha nje ya aya hizi, ingawa ni neno la sheria. Sheria ina *mkusanyaji*, yaani yule anayeamua taarifa zichukuliwe kwa nini na kwa namna gani, na *mchakataji*, anayezishughulikia kwa niaba yake. Niliyaweka maneno hayo mara moja tu, mwishoni mwa sera, katika aya inayoeleza kampuni imesajiliwa kama nani mbele ya Tume na mtumiaji apeleke wapi malalamiko. Anayeyahitaji atayakuta.

Kuhusu *ridhaa*, nimeona wengi wanaielewa, hasa kwa sababu ya ridhaa katika ndoa na katika matibabu. Libakize. Lakini kitufe cha chini kiandikwe *Nakubali*, si *Endelea*, kwa sababu anayebonyeza Endelea hajui kwamba amekubali jambo.

Jaribu kwa watu, na usiwaulize kama wameelewa

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam, mbele ya karatasi yenye nembo, kama ameelewa, atakujibu ndiyo. Ni adabu. Hataki kukuaibisha wala kujiaibisha. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kumpa kisa na kumwomba atabiri kitakachotokea.

Tafuta watu watano hadi wanane ambao kweli wanakopa kwa simu, wa umri na kazi tofauti. Mimi nilikaa na mama lishe wa Buguruni, dereva wa bodaboda wa Mbezi, kijana wa duka la vipuri Kariakoo, mwalimu wa shule ya msingi na dada wa vitenge niliyemtaja. Walipe kwa muda wao, hasa kwa kuwa saa moja ya mama lishe mchana ni hasara. Usichukue majina yao wala namba zao, maana haipendezi kujaribu sera ya faragha kwa kukusanya taarifa usizozihitaji. Msomee kila mmoja aya kwa sauti, kwa sababu wengi husomewa na mtoto au jirani, kisha muulize: *Mama, tuseme umekopa elfu hamsini, siku kumi zimepita hujalipa na simu umeizima. Nani atapigiwa? Ataambiwa nini? Yeye atatakiwa alipe?*

Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe. Usimsahihishe katikati. Kama watu wawili katika watano wamekosea swali lile lile, kosa ni la sentensi. Kwa rasimu ya kwanza, wanne katika watano walisema kwamba watu wa karibu watatakiwa kulipa, na mama lishe akaongeza kwamba ndiyo maana aliweka namba ya kaka yake mwenye uwezo. Kwa toleo la pili wote watano walijibu kwamba hawatadaiwa. Lakini watatu hawakujua kwamba wakopeshaji wengine wataona kumbukumbu zao, ingawa sentensi ilikuwepo. Tatizo lilikuwa neno *kumbukumbu*, ambalo walilichukua kama ukumbusho wa kulipa. Tulibadilisha ikawa *kampuni inayoandika nani amekopa, nani amelipa na nani hajalipa*, na katika jaribio la tatu likaeleweka.

Njia ya kutafsiri upya kwenda Kiingereza ili kulinganisha nayo ina kazi yake, kwani humpa mwanasheria uhakika kwamba hakuna jambo lililodondoka. Lakini haipimi uelewa. Rasimu yangu ya kwanza yenye wadhamini na washirika ingerudi katika Kiingereza safi kabisa, kwa sababu anayeirudisha ni mfasiri mwenzako anayejua ulichokusudia.

Mambo ya mwisho kabla ya kukabidhi

Angalia kama sera ina kifungu kinachosema kwamba toleo la Kiingereza ndilo lenye nguvu matoleo mawili yakitofautiana. Wengi hukiweka mwishoni kabisa. Pendekeza kiondolewe, au matoleo yote mawili yapewe uzito sawa. Kama kitabaki, kitafsiri waziwazi na uombe kiwekwe juu, karibu na kichwa, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua kabla ya kusoma kwamba maandishi aliyonayo siyo yatakayohesabiwa.

Omba picha za skrini zote zinazohusika na uzisome pamoja na sera. Mara nyingi sera hutafsiriwa vizuri huku ujumbe mdogo unaojitokeza kwenye simu ukisema kitu kingine, na ujumbe huo ndio unaosomwa. Katika programu hii, dirisha la kuomba namba mbili bado liliandikwa *Weka wadhamini*, wiki tatu baada ya sera kurekebishwa. Lilikuwa limetafsiriwa na mtu mwingine, zamani, na hakuna aliyelikumbuka.

Mwisho, weka tarehe na namba ya toleo katika ukurasa wa Kiswahili, zifanane na za Kiingereza, na mkubaliane na mwenye programu kwamba Kiingereza hakitabadilishwa hewani kabla Kiswahili hakijawa tayari. Mabadiliko yakija, yaoneshwe juu ya ukurasa kwa sentensi kamili: nini tulikuwa hatuchukui, nini sasa tunachukua, na kuanzia lini. Barua pepe za majibu ya kampuni zihifadhi pamoja na toleo husika, kila jibu likiwa limeandikwa pembeni yake sentensi ya Kiswahili iliyotokana nalo, ili mfasiri atakayekuja baada yako ajue *siku saba* na *miaka mitano* zilitoka kwa nani.